Hisa Ikigawanywa au Gawio Maalumu Likitolewa: Namna ya Kusoma Mkataba wa Opsheni Uliorekebishwa

Tarehe 2 Agosti 2021 hisa za General Electric zilianza kuuzwa baada ya kuunganishwa: kila hisa 8 za zamani zilikuwa 1 mpya. Hisa iliyokuwa kama dola 13 ikawa zaidi ya dola 100. Aliyefungua orodha ya opsheni siku hiyo alikuta opsheni za kununua zenye bei ya utekelezaji ya dola 13 bado zipo, tena kwa bei ndogo. Kwa haraka haraka hesabu inavutia: nina haki ya kununua kwa 13 kitu kinachouzwa zaidi ya 100, na haki hiyo nauziwa kwa pesa kidogo. Soko halikukosea. Mkataba ule haukuwa tena wa hisa 100, bali wa hisa 12 na fedha kidogo juu yake.

Mwongozo huu unahusu opsheni za hisa za Marekani. Huko marekebisho ya aina hii huamuliwa na shirika moja, OCC la Chicago, ambalo husimama katikati ya kila mnunuzi na kila muuzaji wa opsheni. Masoko mengine yana taratibu zao. Soko la Eurex la Ujerumani, kwa mfano, hutumia uwiano unaobadilisha bei ya utekelezaji pamoja na ukubwa wa mkataba, kwa hiyo usichukue hesabu za hapa ukazipeleka huko.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno matatu. Bei ya utekelezaji, ambayo wengi huiita straiki, ni ile bei ya kununulia au kuuzia iliyoandikwa kwenye mkataba. Primiamu ni bei ya opsheni yenyewe. Mzigo ni kile kinachobadilishana mikono opsheni ikitekelezwa; kwa kawaida ni hisa 100 za kampuni. Wengi huukariri mzigo kuwa hisa 100 na hawauangalii tena, na makosa makubwa karibu yote huanzia hapo.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya mkataba mzima, usipige ya hisa moja moja

Kabla ya kugusa chochote, zoea kufikiri kwa mkataba mzima. Upande mmoja kuna thamani ya mzigo kwa bei ya sokoni leo. Upande wa pili kuna fedha anazolipa mnunuzi akitekeleza, yaani straiki mara kizidisho, na kizidisho karibu kila mara ni 100. Tofauti ya pande hizo mbili ndiyo thamani halisi iliyomo ndani ya opsheni:

```
Opsheni ya kununua (C):  thamani ya mzigo − (straiki × 100)
Opsheni ya kuuza (P):    (straiki × 100) − thamani ya mzigo
```

Jibu likiwa chini ya sifuri, opsheni haina thamani ya ndani. Kilichobaki kwenye primiamu ni thamani ya muda tu. Kwenye mkataba wa kawaida hesabu hii haina jipya, kwa sababu 100 iko pande zote mbili na inafutika. Mkataba ukirekebishwa, 100 ya upande mmoja inaweza kuwa 12 na ya upande mwingine ikabaki 100. Asiyejua hilo hulinganisha bei ya hisa na straiki moja kwa moja, naye anaingia mtegoni.

Hatua ya pili: soma taarifa ya OCC, usitegemee kioo cha dalali

Kila marekebisho hutolewa taarifa na OCC kwenye tovuti yao, theocc.com, na hupatikana kwa kutafuta alama ya kampuni. Madalali wengi huisambaza kwa wateja kama ujumbe ambao watu huufuta bila kuusoma. Usiufute. Sehemu unazozihitaji ni chache, na kwenye taarifa ya General Electric, kwa ufupi, zilisema hivi:

```
Option Symbol:               GE
New Symbol:                  GE1
Contract Multiplier:         1
Strike Divisor:              1
New Multiplier:              100
New Deliverable Per Contract: 12 GE + cash in lieu of 0.5 share
```

Majina mawili hapo huchanganya hata wazoefu. `Contract Multiplier` ni idadi ya mikataba utakayokuwa nayo kwa kila mmoja uliokuwa nao. Ikiwa 1, idadi haibadiliki. Ikiwa 10, mkataba wako mmoja unakuwa kumi. `New Multiplier` ni kitu kingine kabisa: ni ile namba unayozidisha primiamu na straiki ili upate fedha halisi. `Strike Divisor` ni namba inayogawanya straiki. Mstari wa mwisho ndio mzigo, na ndio wa kuusoma mara mbili.

Angalia pia alama mpya. Kampuni ikibaki na alama yake tupu, kwa kawaida mzigo bado ni hisa 100. Ikiongezwa tarakimu mwishoni, kama `GE1`, maana yake mzigo si wa kawaida. Baadhi ya programu za simu huonyesha tarakimu hiyo kwa maandishi madogo, na nyingine huiweka nyuma ya kitufe cha maelezo ya mkataba. Itafute mpaka uione.

Hatua ya tatu: tambua uko kwenye tukio gani

Kuna matukio matatu yanayokuja mara nyingi, na kila moja lina namna yake ya kurekebishwa. La kwanza ni jepesi na halihitaji maneno mengi. La tatu ndilo tutakaloketi nalo.

*Hisa kugawanywa kwa namba kamili.* Nvidia iligawanya hisa zake, 1 kuwa 10, na zikaanza kuuzwa kwa bei mpya tarehe 10 Juni 2024. Ijumaa ya tarehe 7 zilikuwa zimefunga kwenye dola 1,208.88. Aliyekuwa na opsheni moja ya kununua ya straiki 1,200, inayoisha tarehe 21 Juni, aliamka Jumatatu akiwa na opsheni kumi za straiki 120, kila moja ikiwa na mzigo wa hisa 100. Kwenye alama kamili ya opsheni, ambako tarakimu nane za mwisho ndizo straiki na tatu kati yake ni za desimali, badiliko linaonekana hivi:

```
NVDA  240621C01200000   × 1
NVDA  240621C00120000   × 10
```

Fedha hazikubadilika: 1 × 1,200 × 100 ni dola 120,000, na 10 × 120 × 100 ni dola 120,000. Aliyeuza opsheni moja huku ameshika hisa 100 za kuilinda, sasa ana hisa 1,000 na opsheni kumi alizouza. Bado amelindwa kikamilifu.

Kinachobadilika ni gharama ya kutoka. Dalali akitoza senti 65 kwa mkataba, jana kufunga kulikuwa senti 65 na leo ni dola 6.50. Kwa upande mwingine, jana ulikuwa na mkataba mmoja usiokatika, na leo unaweza kufunga mitatu ukabaki na saba. Kwa aliyeshika opsheni ya bei kubwa, tunaona faida hiyo inazidi ada.

Straiki isipogawanyika sawasawa, hukadiriwa hadi senti. Tesla ilipogawanya hisa, 1 kuwa 3, tarehe 25 Agosti 2022, straiki ya 900 ikawa 300 bila shida, lakini ya 1,000 ikawa 333.33. Mikataba mitatu ya 333.33 ni dola 99,999 badala ya 100,000. Dola moja haimtajirishi wala kumfilisi mtu, lakini ukiona straiki yenye senti za ajabu namna hii kwenye orodha, ujue ni mabaki ya mgawanyo na si kosa la programu.

Mgawanyo usio wa namba kamili, mfano hisa 2 kuwa 3, hufanywa tofauti: idadi ya mikataba na straiki huachwa kama zilivyo, na mzigo unakuwa hisa 150. Hapo alama hupata tarakimu na unapaswa kurudi kwenye hesabu ya hatua ya kwanza.

*Gawio maalumu la fedha.* Gawio la kawaida, lile la kila robo mwaka, halirekebishi opsheni hata kidogo. Soko linalitarajia na limeshaliweka ndani ya primiamu. Gawio lisilo la kawaida ni jambo lingine: likifika angalau dola 12.50 kwa mkataba, yaani senti 12.5 kwa hisa, OCC hurekebisha. Neno "maalumu" kwenye tangazo la kampuni peke yake halitoshi. OCC hutazama kama malipo hayo yana mtindo wa kujirudia, na uamuzi ni wao kwa kila tukio. Kwa hiyo usubiri taarifa.

Costco ni mfano mzuri kwa sababu ilitangaza magawio ya aina zote mbili mwaka uleule. Mwaka 2023 gawio lake la robo lilifika dola 1.02 kwa hisa na opsheni hazikuguswa. Tarehe 14 Desemba ilitangaza gawio maalumu la dola 15 kwa hisa, na tarehe 27 Desemba hisa zikaanza kuuzwa bila gawio hilo. Asubuhi hiyo kila straiki ya Costco ilipunguzwa kwa 15. Idadi ya mikataba haikubadilika, mzigo ulibaki hisa 100, na alama ilibaki `COST`.

Tuweke namba za mfano. Hisa iko 672 jioni ya kabla, nawe una opsheni ya kununua ya straiki 650. Thamani ya ndani ni 22 kwa hisa, au dola 2,200. Asubuhi hisa inashuka kwa 15 kwa sababu fedha imetoka kwenye kampuni, ikawa 657. Straiki yako nayo imekuwa 635. Tofauti ni 22 ileile.

Ndiyo maana hakuna sababu ya kutekeleza opsheni mapema ili kulikimbilia gawio maalumu lililorekebishwa. Ukitekeleza, unalipa dola 65,000, unapata hisa 100 na gawio la 1,500, lakini unatupa thamani yote ya muda iliyobaki kwenye opsheni. Hilo la kutekeleza mapema lina mantiki kwa gawio la kawaida, ambalo halirekebishwi; wengi huchanganya haya mawili na kulipia kosa hilo.

Upande wa muuzaji, mambo yanaonekana mabaya kuliko yalivyo. Una hisa 100 na umeuza opsheni ya kununua ya straiki 680. Ghafla unadaiwa kuziuza kwa 665. Lakini dola 15 za gawio ziko mfukoni mwako, kwa kuwa wewe ndiye mwenye hisa. Ukichukuliwa hisa kwa 665 na ukajumlisha 15, umepata 680 yako.

Kuna mtego mmoja kwenye Costco unaostahili kutazamwa kwa karibu. Straiki zake nyingi zilipangwa kwa hatua za 5, na 15 inaingia vizuri humo. Matokeo yake, iliyokuwa 680 ikawa 665, na iliyokuwa 665 ikawa 650. Maandishi haya, kwa mfano:

```
COST  240119C00665000
```

yalitaja opsheni moja tarehe 26 Desemba na opsheni nyingine kabisa tarehe 27. Jina ni lilelile, mkataba ni mwingine. Kama daftari lako, jedwali lako la kompyuta au amri uliyoihifadhi inasema "665", sasa inaelekeza kwenye kitu usichokusudia. Na mchoro wa bei ya jana ya 665 ni historia ya mkataba ambao leo unaitwa 650. Siku ya marekebisho, andika upya kila straiki kwa mkono. Usiamini kumbukumbu yoyote iliyohifadhiwa.

*Hisa kuunganishwa.* Turudi kwa General Electric, maana hapa ndipo fedha za watu hupotelea.

Kwa nini OCC haikuzidisha tu straiki kwa 8 na kupunguza idadi ya mikataba? Fikiria mtu mwenye mkataba mmoja. Huwezi kumpa moja ya nane ya mkataba. Basi mkataba unaachwa mzima, straiki inaachwa ileile, na kinachopunguzwa ni mzigo. Hisa 100 zikigawanywa kwa 8 ni 12.5. Nusu hisa haiwezi kukabidhiwa, kwa hiyo mzigo ukawa hisa 12 na fedha taslimu badala ya ile nusu.

Fedha ya nusu hisa ina tabia yake. Siku za mwanzo kiasi chake hakijulikani, kwa sababu kinategemea bei ambayo vipande vya hisa vya wenye hisa wote vitalipwa. Mpaka kijulikane, mkataba hukadiriwa kama una hisa 12.5 kamili. Kikishatangazwa, kinaganda: hisa 12 zinaendelea kupanda na kushuka, fedha haipandi wala haishuki tena. Anayetekeleza kabla ya kiasi kutangazwa hupokea hisa kwanza na fedha baadaye, kwa hiyo usishtuke akaunti ikionyesha upungufu wa siku chache.

Sasa hesabu, kwa namba za mfano. Hisa mpya iko 104, na una opsheni ya kununua `GE1` ya straiki 13. Mzigo ni 12.5 × 104, yaani dola 1,300. Fedha ya kutekeleza ni 13 × 100, yaani dola 1,300. Thamani ya ndani ni sifuri. Opsheni iko palepale ilipokuwa kabla ya kuunganishwa, hisa ikiwa 13 na straiki 13.

Siku zinapita. Nusu hisa imelipwa dola 52, na hisa imepanda hadi 110. Mzigo sasa ni 12 × 110, dola 1,320, jumlisha 52, ni dola 1,372. Toa 1,300, inabaki dola 72. Kwenye kioo, thamani hiyo ya ndani itasomeka 0.72, kwa sababu primiamu bado inazidishwa kwa 100. Ukigawa kwa 12 badala ya 100 utapata dola 6 na utadhani opsheni inauzwa bure.

Ukitaka njia ya mkato ya kujua `GE1` iko wapi bila kurudia hesabu nzima, tafuta bei ya hisa inayolingana na straiki:

```
(straiki × 100 − fedha taslimu) ÷ hisa zilizomo = bei ya usawa
(13 × 100 − 52) ÷ 12 = 104.00
```

Juu ya 104, opsheni ya kununua ina thamani ya ndani. Chini yake, haina. Andika namba hii kando ya straiki, uitazame hiyo na uisahau ile 13.

Anayenunua opsheni hii kwa kudhani ameokota lulu hupoteza primiamu aliyolipa, na hasara yake inaishia hapo. Anayeumia zaidi ni muuzaji wa opsheni ya kuuza. Anaona `GE1`, aina ya `P`, straiki 13, na hisa iko 104. Anajiambia kampuni kubwa kama hii haiwezi kuporomoka hadi 13, basi nitauza kumi nichukue primiamu ya bure. Kumbe ameuza opsheni iliyo ukingoni kabisa. Hisa ikishuka hadi 92, mzigo ni 12 × 92 jumlisha 52, dola 1,156. Anadaiwa kulipa 1,300 kwa kitu cha 1,156, hasara ya dola 144 kwa kila mkataba kabla ya kutoa primiamu, na kwa mikataba kumi ni dola 1,440. Hisa imeshuka kwa chini ya asilimia 12 tu; haijakaribia 13 hata kidogo.

Si kila kuunganisha kuna vipande. Citigroup iliunganisha hisa, 10 kuwa 1, tarehe 9 Mei 2011, na mzigo wa mikataba ya zamani ukawa hisa 10 kamili bila fedha ya ziada. Hesabu inakuwa nyepesi zaidi, na mtego unabaki uleule.

Hatua ya nne: safisha akaunti kabla na baada ya siku yenyewe

Amri zilizoachwa wazi kwenye opsheni mpaka mteja azifute kwa kawaida hufutwa marekebisho yakifanyika. Humaanisha kwamba ile amri yako ya kuzuia hasara inaweza isiwepo asubuhi, na hakuna atakayekupigia simu. Njia salama ni kuzifuta mwenyewe jioni ya kabla, kisha kuziweka upya baada ya kuthibitisha straiki, idadi na mzigo. Soko la New York hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi kwa saa zao. Nairobi na Dar es Salaam inakuwa saa 10:30 jioni wakati wao wako kwenye saa za kiangazi, na 11:30 jioni msimu wa baridi. Una mchana mzima wa kufanya kazi hii, itumie.

Asubuhi ya kwanza, kioo kinaweza kuonyesha faida au hasara ya kutisha. Mara nyingi bei ya hisa imeshabadilishwa lakini idadi ya mikataba bado, au kinyume chake. Dalili yake ni kwamba hasara inalingana na uwiano wa mgawanyo wenyewe: hisa imegawanywa kwa 10 na akaunti inasema umepoteza kama asilimia 90. Usifunge wala kuongeza chochote kwa namba hizo. Chukua taarifa ya OCC na kalamu, piga hesabu ya mkataba mzima, na kama jibu lako halifanani na la dalali hadi mwisho wa siku, waandikie ukitaja sehemu husika ya taarifa. Kwenye gawio maalumu, hakikisha kwamba straiki imepunguzwa mara moja tu. Kupunguzwa mara mbili au kutopunguzwa kabisa huonekana papo hapo ukilinganisha na orodha ya dalali mwingine.

Hatua ya tano: amua kama utabaki na mkataba wenye tarakimu

Mikataba ya Nvidia na Costco iliendelea na maisha ya kawaida baada ya marekebisho. Mikataba kama `GE1` haiendelei hivyo. Siku ileile hufunguliwa opsheni mpya za `GE` zenye mzigo wa hisa 100, na wafanyabiashara wote huhamia huko. Kwenye `GE1` hazifunguliwi tarehe mpya za kuisha. Zilizopo huisha moja baada ya nyingine mpaka alama inatoweka. Wanaobaki ndani ni wale wanaotafuta mlango wa kutokea, na pengo kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia linapanuka.

Kama huna sababu mahususi ya kubaki, tunashauri utoke mapema, wiki za mwanzo, ambapo bado kuna watu upande wa pili. Tumia amri yenye kikomo cha bei, kamwe usitumie amri ya bei yoyote. Anzia katikati ya pengo ukiongozwa na thamani ya ndani uliyoipiga mwenyewe. Ukiona `GE1` yenye thamani ya ndani ya 0.72 na mnunuzi wa juu anatoa 0.60, unajua anakunyima senti 12 za kwenye kioo, yaani dola 12 kwa mkataba, na unaweza kuamua kama kutoka leo kuna thamani hiyo.

Ukitaka kuendelea kuwa kwenye kampuni ileile, usijaribu kufananisha mkataba mmoja wa zamani na mmoja mpya. Mikataba minane ya `GE1` ina uzito wa hisa 100 hivi, sawa na mmoja wa `GE`. Mwenye mikataba mitatu hawezi kuhamia kwenye mmoja mpya bila kuongeza hatari yake karibu mara tatu, na kwake pengine ni bora kutoka tu au kusubiri mwisho wa muda.

Anayesubiri mpaka mwisho ahakikishe mambo mawili kabla ya siku ya kuisha. Kwanza, fedha: kila `GE1` ya straiki 13 itakayotekelezwa inadai dola 1,300 taslimu, na si 13 × 12. Pili, opsheni yenye thamani ya ndani ya hata senti moja hutekelezwa yenyewe isipokuwa mwenyewe amemwagiza dalali asiitekeleze, na thamani hiyo hupimwa kwa mzigo uliorekebishwa. Mwenye opsheni ya kununua ya straiki 13, hisa ikiwa imefunga kwenye 104.50, ana mzigo wa dola 1,306, yaani dola 6 za faida. Asipotoa agizo atalipa 1,300, atapokea hisa 12 na dola 52, na Jumatatu hisa ikifunguliwa chini ya 104, zile dola 6 zitakuwa zimeshageuka hasara.